Kubana midomo kunavyomsaidia mgonjwa anayetweta

Swali: Baba yangu ana miaka 68. Alivuta sigara tangu ujana na sasa mapafu yake yameharibika. Akishuka feri ya Likoni na kupanda kile kilima, husimama mara tatu akitweta. Amefundishwa kutoa pumzi huku amebana midomo. Mimi sielewi: ikiwa hewa ndiyo haitoki, kuibania mlango kutamsaidiaje?

Jibu: Ndugu yangu, mlango unaomtesa mzee uko ndani zaidi ya midomo, katika vijia vidogo vya hewa ambavyo havina gegedu la kuvishikilia. Katika pafu lenye afya, vijia hivyo hubaki wazi kwa sababu nyuzi zinazonyumbuka huvivuta kutoka kila upande, mithili ya kamba zinazolikaza hema. Moshi wa miaka mingi huharibu nyuzi hizo, na kuta hulegea. Mgonjwa anapovuta pumzi, kifua hutanuka na vijia hutanuka pamoja nacho. Anapoitoa, msukumo uleule unaoyakamua mapafu huvibana vijia kwa nje, vikajifunga, na hewa iliyo nyuma yake ikanaswa.

Tuchukue hesabu ya mfano, kwa kipimo cha shinikizo kiitwacho sentimita za maji. Tuseme mzee anapotoa pumzi shinikizo linaloyazunguka mapafu ni 4, na mvuto wa mapafu yenyewe, yaliyokwisha kulegea, unaongeza 3 tu, kwa hiyo ndani ya vifuko vya hewa mna 7. Mdomo ukiwa wazi, shinikizo mdomoni ni 0. Hewa inaposafiri, shinikizo lake linashuka kutoka 7 kuelekea 0, na pale linapopungua chini ya 4, nje panakuwa na nguvu kuliko ndani na ukuta uliolegea unalala. Akibana midomo hata shinikizo nyuma yake likafika 5, basi njia nzima linashuka kutoka 7 hadi 5 tu, na hakuna mahali ambapo nje panashinda ndani. Hewa inatoka polepole, lakini inatoka.

Upole huo ndio faida ya pili. Mtu anayehema mara 30 kwa dakika ana sekunde 2 tu kwa kila pumzi, kuingiza na kutoa. Kabla haijatoka ya kwanza, ya pili imeshaingia juu yake, na hewa inarundikana. Kifua kinabaki kimejaa, kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinasukumwa chini na kuwa bapa, nacho kikiwa bapa hakina nafasi ya kuvuta vizuri. Ndiyo maana mzee huhisi kwamba hewa haiingii, ilhali tatizo lilianza kwa ile isiyotoka.

Kwa hiyo pale kwenye kilima cha feri asisubiri mpaka azidiwe. Aanze kabla ya hatua ya kwanza: alegeze mabega, avute pumzi ya kawaida kwa pua kwa hatua 2, kisha akunje midomo kama anayetaka kupiga mbinja na kuiachia hewa kwa hatua 4. Zikimzidi, apunguze mwendo badala ya kuikata pumzi ya kutoa. Akilazimika kusimama, aegemee ukuta au ainame kidogo mikono ikiwa mapajani, na aendelee vivyo hivyo mpaka atulie.

Kosa ninaloliona zaidi ni kupuliza kwa nguvu. Katika hesabu yetu, anayekaza tumbo anaipandisha ile 4 ya nje, na shinikizo linalohitajika kushuka njiani ni kubwa zaidi kwa sababu hewa inakimbia. Vijia vinafungwa tena hata midomo ikiwa imebanwa. Mtamtambua kwa tumbo gumu, mishipa ya shingo iliyosimama na mlio wa filimbi kifuani. Nyumbani, mkiwa mmezima feni, wekeni mshumaa kiasi cha shubiri moja mbele ya midomo yake. Mwali uiname na ubaki umeinama muda wote wa kutoa pumzi. Ukizimika, amepuliza mno. Akihisi kizunguzungu, apumue kawaida kwanza.

Mbinu hii haizirudishi nyuzi zilizokatika wala haishiki nafasi ya inhela aliyoandikiwa. Pia haimfai kila mgonjwa: wapo ambao vijia vyao havijifungi kiasi hicho, na kwao kubana midomo huongeza kazi tu. Mpimeni kwa kilima kilekile, siku moja akiitumia na siku nyingine bila kuitumia, mkihesabu mara anazosimama na dakika anazochukua kutulia.

Lakini akiwa ameketi na bado hawezi kumaliza sentensi, au midomo na kucha zikageuka rangi ya samawati, au akasinzia na kuchanganyikiwa, acheni zoezi na mpelekeni hospitali mara moja.