Haibadiliki, haibadilishiki au haifutiki?

Swali: Ninatafsiri makala ya jinsi blokcheni inavyolinda kumbukumbu za miamala dhidi ya washambuliaji. Niliandika "miamala ya zamani haibadiliki." Mhariri akasahihisha kuwa "haibadilishiki," na mwenzangu anashikilia "haifutiki." Kamusi haimkatazi yeyote kati yetu. Nitumie neno gani, na kwa nini?

Jibu: Mhariri wako yuko karibu zaidi na ukweli, ila neno lake haliwezi kusimama peke yake. Andika "haibadilishiki kirahisi," kisha ongeza kitenzi ambacho hakuna kati yenu aliyekitaja: "hugundulika." Blokcheni ina kinga mbili tofauti, na kila moja inadai kitenzi chake.

Tuanze na umbo la maneno. Kiambishi -ik- hubeba maana mbili. Kwanza hueleza hali iliyokifika kitu bila kumtaja mtendaji, kama katika "kikombe kimevunjika." Pili hueleza uwezekano, kama katika "njia haipitiki." Ukisema "haibadiliki," msomaji husikia ile maana ya kwanza kabla ya ya pili, yaani kitu kinachobaki kilivyo, kama bei isiyobadilika mwaka mzima. Hakuna mtu anayejaribu kuigeuza. "Haibadilishiki" ni tofauti, kwa sababu -sh- ya kutendesha imeingia ndani na kumleta mtu mwenye nia. Maana yake ni kwamba kuna anayetaka kubadilisha, na anashindwa. Kwa kuwa makala yako inahusu washambuliaji, mtu huyo anahitajika katika sentensi. (Usimwite "mdukuzi," tafadhali. Mdukuzi huingia kwenye kompyuta ya mwingine kwa siri. Mshambuliaji wa blokcheni hana haja ya kuingia kwa mtu; anaweza kufanya kila kitu kwenye mashine zake mwenyewe.)

Sasa tuone anashindwa na nini. Nitatumia Bitcoin kwa sababu ndiyo ya kwanza na kanuni zake ziko wazi. Miamala mipya hukusanywa pamoja katika bloku, na kila bloku ina kichwa chenye baiti 80 tu. Humo mna namba ya toleo, saa, kiwango cha ugumu, na namba ya kubahatisha iitwayo nonsi. Viwili vilivyobaki ndivyo vinavyotuhusu zaidi: heshi ya bloku iliyotangulia, na heshi moja inayowakilisha miamala yote iliyomo.

Heshi ni alama ya utambulisho inayotokana na hesabu. Ukiingiza maandishi ya urefu wowote katika kanuni iitwayo SHA-256, unapata herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha herufi moja tu, jibu zima linageuka. Jaribu mwenyewe:

```
$ printf a | sha256sum
ca978112ca1bbdcafac231b39a23dc4da786eff8147c4e72b9807785afee48bb  -
$ printf b | sha256sum
3e23e8160039594a33894f6564e1b1348bbd7a0088d42c4acb73eeaed59c009d  -
```

Hayo majibu mawili hayana undugu wowote unaoonekana, ingawa "a" na "b" zimepakana. Bloku ya kwanza kabisa ya Bitcoin, yenye tarehe 3 Januari 2009, ina heshi inayoanza na `000000000019d668`. Heshi hiyo imenakiliwa ndani ya kichwa cha bloku ya pili, heshi ya bloku ya pili iko ndani ya ya tatu, na kuendelea hadi leo. Ndiyo maana neno "mnyororo" linafaa, mradi msomaji aelewe kwamba kila pete imebeba alama ya pete iliyoitangulia.

Chukua mtu aliyemlipa muuzaji katika bloku namba 100, akapokea bidhaa, na sasa anataka malipo yale yaonekane yamerudi kwake. Anafungua nakala yake ya daftari na kuweka anwani yake mahali pa anwani ya muuzaji. Kwa vile fedha zilikuwa zake, anaweza kuusaini muamala huo mpya kwa ufunguo wake wa siri. Kumbuka jambo hili: fedha za mtu mwingine hawezi kuzigusa hata akiwa na nguvu kiasi gani za kompyuta, kwa sababu hana ufunguo wa kutengeneza saini yake. Anachoweza kukigombania ni malipo aliyoyafanya mwenyewe.

Mara tu anwani inapobadilika, heshi ya muamala hubadilika. Kwa hiyo heshi inayowakilisha miamala yote ya bloku hubadilika, kichwa hubadilika, na heshi ya bloku 100 inakuwa nyingine. Lakini bloku 101 bado inaitaja ile ya zamani. Nodi yoyote, yaani kompyuta ya mtandao inayohakiki daftari, itakayopokea nakala hii italiona pengo hilo kwa hesabu ya sekunde isiyotimia, bila kumuuliza mtu yeyote. Hapa ndipo "hugundulika" linapopata kazi yake. Zingatia kuwa hakuna kilichomzuia kubadilisha. Amebadilisha, na ameonekana.

Angeweza basi kurekebisha bloku 101 iitaje heshi mpya, kisha 102, na kuendelea mpaka mwisho? Kama kinga ingekuwa heshi peke yake, kompyuta ya kawaida ingemaliza kazi hiyo upesi sana. Ni kosa la kawaida katika makala za Kiswahili kuishia hapa, kana kwamba heshi ndiyo kufuli.

Kufuli yenyewe ni kazi. Kanuni inataka heshi ya kila bloku iwe ndogo kuliko kikomo fulani, jambo linaloonekana kwa macho kama sifuri nyingi mwanzoni, zile ulizoziona katika bloku ya kwanza. Hakuna njia ya mkato ya kuzipata. Mchimbaji, yaani anayeshindania kutengeneza bloku mpya kwa kompyuta zake, hubadilisha nonsi, hukokotoa, huangalia, hubadilisha tena. Nonsi ina baiti 4, yaani thamani 4,294,967,296, na siku hizi zote hizo huisha bila jibu, ikabidi kitu kingine katika bloku kiguswe ili aanze upya. Kila sifuri inayoongezeka huzidisha kazi mara 16. Lakini kuhakiki jibu likishapatikana ni kukokotoa mara moja tu. Ugumu hupimwa upya kila baada ya bloku 2,016, ili bloku mpya ipatikane kila dakika 10 kwa wastani.

Mpe mshambuliaji wetu asilimia 10 ya nguvu zote za uchimbaji, ambayo ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Kwa nguvu hizo atapata bloku moja kila dakika 100 hivi. Kama bloku 100 imeshafunikwa na nyingine tano, inambidi atengeneze sita upya, kwa hiyo atahitaji dakika 600. Katika muda huohuo wachimbaji wengine, wenye asilimia 90, watakuwa wameongeza bloku zipatazo 54. Nodi hufuata mnyororo wenye kazi nyingi zaidi, wala hazijali nani aliwahi kutangaza. Akimaliza zake sita, anakuta wenzake wako mbali zaidi kuliko alipoanza.

Huo ni wastani, na bahati inaweza kumsaidia. Waraka wa mwaka 2008 ulioitambulisha Bitcoin unaipiga hesabu hiyo. Kwa asilimia 10 ya nguvu, akiwa nyuma kwa bloku 6, nafasi yake ya kuwafikia wengine ni 0.0002428, yaani kama mara 24 katika majaribio 100,000. Ndiyo asili ya desturi ya wauzaji kusubiri uthibitisho sita, yaani bloku yenye malipo na nyingine tano juu yake, kabla ya kutoa mali yenye thamani kubwa. Lakini akiwa na asilimia 30, hata baada ya bloku 5 bado ana nafasi karibu ya asilimia 18, na baada ya 10 inashuka hadi asilimia 4 hivi. Akivuka nusu, kuwafikia ni suala la muda tu.

Kwa sababu hiyo neno "kirahisi" si pambo. Mwezi Agosti 2020 mtandao wa Ethereum Classic, ambao wakati huo ulikuwa na nguvu chache za uchimbaji, ulishambuliwa mara kadhaa, na bloku kwa maelfu zikaandikwa upya. Hata Bitcoin yenyewe imewahi kurudi nyuma. Tarehe 15 Agosti 2010, kosa la programu liliruhusu muamala katika bloku 74638 kuzalisha sarafu zaidi ya bilioni 184, wakati jumla inayoruhusiwa haifiki milioni 21. Programu iliyorekebishwa ilitolewa baada ya saa chache, wachimbaji walioiweka wakajenga mnyororo mwingine kuanzia kabla ya bloku ile, na mnyororo huo ulipoupita wa zamani kwa kazi, muamala ule ukatoweka kwenye daftari. Anayeandika "haibadilishiki kamwe" atakuwa amesahau siku hiyo.

Limebaki "haifutiki." Ni neno zuri kwa wino, na lina ukweli mmoja: malipo yaliyokosewa hayasahihishwi kwa kufutwa, bali kwa kuongeza muamala mwingine wa kurudisha fedha. Ila kwa maana ya kawaida linapotosha. Mwenye nodi ya Bitcoin anaweza kuandika `prune=550` katika faili la mipangilio, na programu itafuta bloku za zamani kwenye diski yake baada ya kuzihakiki, ikibakiza megabaiti 550 hivi za bloku za karibuni. Zimefutika kwake, na mtandao haukutikisika, kwa sababu nakala kamili ziko kwa wengine. Ugumu hauko katika kufuta nakala yako. Uko katika kuwafanya wengine waikubali nakala uliyoigeuza.

Sentensi yako basi inaweza kusomeka hivi: "Muamala wa zamani ukibadilishwa hugundulika mara moja, na kadiri bloku zinavyoongezeka juu yake ndivyo usivyobadilishika kirahisi." Kama mhariri ataona ni ndefu, kata nusu ya mwanzo au ya mwisho kulingana na aya inayofuata, lakini usimruhusu aziunganishe zote mbili kuwa "haibadiliki."