Maswali na majibu: taa 12 kwa pini nne

Shikamoo fundi. Natengeneza kipimo cha betri ya sola kwa ATtiny85. Nataka taa 12 za LED zionyeshe volti, lakini pini zangu ni tano tu na moja lazima isome betri. Rafiki yangu ananiambia pini nne zinatosha. Inawezekanaje? – Msomaji, Sakina, Arusha

Marahaba. Rafiki yako yuko sahihi. Mbinu hiyo huitwa Charlieplexing, kwa jina la Charlie Allen wa kampuni ya Maxim, aliyeipendekeza mwaka 1995. Chukua pini mbili zozote, uweke kati yake taa mbili zinazotazamana kinyume: anodi ya hii inagusa kathodi ya ile. Umeme ukienda upande huu inawaka moja, ukigeuka inawaka nyingine. Pini nne zinatoa jozi sita, na kila jozi ina taa mbili, kwa hiyo unapata 12. Tumia PB0 hadi PB3 kwa taa. PB4 ibaki kwa betri, maana pini hiyo inaweza kupima volti. Usiunganishe betri ya volti 12 moja kwa moja hapo. Pitisha kwenye rezista ya kilo-omu 30 kutoka betri na ya kilo-omu 10 kwenda grandi, ili volti 14.4 ifike kwenye pini ikiwa 3.6.

Weka rezista moja ya omu 68 kwenye kila pini ya taa, kabla ya njia kugawanyika. Ni rezista nne tu, lakini kila taa itapitisha umeme wake kwenye mbili, yaani omu 136. Kwa taa nyekundu inayokula volti 2 kati ya 5, zinabaki 3, na 3 gawanya kwa 136 ni karibu miliampea 22.

Nimeunga kama ulivyoelekeza, ila nikiita taa moja zinawaka tatu. Pini nisizozitumia nimeziweka chini zote. Kosa liko wapi? – Msomaji huyohuyo

Kosa ni hiyo chini. Mbinu hii inataka pini yenye hali tatu: juu, yaani volti 5, chini, yaani grandi, na kuachiwa, yaani pini imewekwa kuwa ya kusoma, haisukumi umeme wala haiuvuti. Pini iliyo chini ni njia kamili ya umeme. Ukiweka PB0 juu na nyingine zote chini, umeme wa PB0 una milango mitatu ya kutokea, na taa tatu zitawaka. Kwa taa moja, moja iwe juu, moja chini, mbili ziachiwe.

Utaniuliza: je, umeme hauwezi kuzunguka kupitia pini iliyoachiwa? Njia ipo kweli, kutoka PB0 hadi PB2 kisha PB1, lakini ina taa mbili zilizofuatana, na zinahitaji karibu volti 4 ili ziwake. Taa uliyoiita tayari imeshikilia volti kati ya PB0 na PB1 kwenye 2. Zile mbili zinagawana hizo 2, kila moja volti 1, na haziwaki. Mbinu nzima imesimama juu ya hesabu hii, kwa hiyo ielewe vizuri kabla ya kuendelea.

Kwenye programu, zima kwanza, badilisha, ndipo uwashe:

```
void washa(uint8_t juu, uint8_t chini) {
  DDRB = 0;
  PORTB = (1 << juu);
  DDRB = (1 << juu) | (1 << chini);
}
```

Mstari wa kwanza unaachia pini zote. Ukiuruka, kwa muda mfupi sana pini mpya na ya zamani zinafanya kazi pamoja, na gizani utaona taa usizoziita zikimulika kwa mbali. Dalili hiyohiyo huja pini ya kusoma ikibaki na 1 ndani ya PORTB. Hapo rezista ya ndani ya chipu, ya kilo-omu 20 hadi 50, inaivuta juu. Ni umeme mdogo mno, lakini LED za siku hizi zinauonyesha. PB4 nayo hubaki na 0, kama ilivyo hapo juu.

Kipimo changu kiko barazani dukani, karibu na soko la Mbuyuni. Usiku kinapendeza, mchana hakionekani. Na ajabu ni kwamba betri ikijaa ndiyo taa zinafifia zaidi. – Msomaji, Moshi

Nadhani umefanya mstari, yaani betri ikipanda taa zinaongezeka kutoka chini hadi juu, na programu inazipitia zile zinazowaka tu. Betri ikiwa chini taa ni tatu, kila moja inapata theluthi ya muda. Ikijaa ni 12, kila moja inawaka sehemu moja kati ya 12. Miliampea 22 gawanya kwa 12 ni chini kidogo ya 2 kwa wastani, wakati taa iliyoungwa yenyewe kwenye volti 5 kwa rezista ya omu 330 ingepata 9 muda wote. Jicho halioni tofauti hiyo kwa ukubwa wake wote, ila jua la Moshi saa sita mchana halikuachii hata hicho kilichobaki.

Huwezi kufidia kwa kuongeza umeme tu. Kupata wastani wa 9 ungehitaji miliampea 108 kila zamu, na pini ya ATtiny85 ina kikomo cha 40, ambacho hata kukikaribia si vyema.

Njia moja ni kuwasha taa tatu kwa pamoja: pini moja chini, nyingine juu zile unazotaka. Zamu zinakuwa nne badala ya 12. Lakini rezista ya ile pini ya chini sasa inabeba umeme wa taa zote tatu, kwa hiyo kila taa inashuka hadi miliampea 11, na wastani unafika 2.75 tu. Tena zamu yenye taa moja itang'aa mara mbili ya yenye tatu, usipopunguza muda wake. Kazi ni kubwa na faida ni ndogo.

Mimi ningeacha mstari na kuwasha nukta: taa moja tu, ile ya volti iliyopo. Hapo hakuna zamu. Taa inapata miliampea 22 muda wote, na gharama ya mwanga inatoweka kabisa. Kwa kipimo cha betri, nukta inasomeka vizuri kuliko mstari: anza volti 11.5, panda robo volti kwa kila taa, na ya 12 itakuwa 14.25. Ukisisitiza mstari, gawa muda katika zamu 12 daima, hata za taa zilizozimwa, ili mwanga usibadilike. Kila zamu iwe milisekunde 1. Ukiweka 2, mzunguko unafika milisekunde 24 na utaona taa zinapepesa.

Naweza kuchanganya nyekundu na bluu? – Msomaji, Usa River

Ni hatari kidogo. Bluu inashikilia karibu volti 3.2, kwa hiyo nyekundu mbili zilizofuatana zinapata 1.6 kila moja, na hapo nyingi huanza kumulika kidogo. Nyekundu, njano na machungwa huelewana.

Taa moja haiwaki tena, na nikiiita zinawaka nne nyingine kwa unyonge. Chipu imeharibika? – Msomaji, Ngarenaro, Arusha

Chipu ni nzima. Taa hiyo imekatika ndani, au mguu wake haujashika risasi. Kwa kuwa haishikilii tena volti kwenye 2, zote 5 zinaangukia njia za kuzunguka. Pini zilizoachiwa ni mbili, kila moja inabeba taa mbili, ndizo hizo nne zako. Gusa mguu kwa pasi kwanza, kisha ipime taa kwa multimita upande wa diodi. Ikiwa nzima hapo, tafuta ufa kwenye waya wa shaba wa bodi kati ya taa hiyo na pini zake mbili.