Kilichoingia Kichwani Hakitoki

"Mama, Jumanne swali la pili la mtihani lilinikausha kichwa, dakika 20 sikuandika kitu. Kweli uhasibu ni fani yangu, au niache?"

Mwanangu,

Ya fani tuyaweke kando kwanza. Zinazoniuma ni hizo dakika 20, maana nazijua. Mwaka 1987, kidato cha nne, karatasi ya kemia. Swali lilikuwa la kitoto: sodiamu kaboneti gramu 10.6 zimeyeyushwa hadi ujazo wa mililita 250, tafuta ukolezi. Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa nimeyafanya ya namna hiyo mpaka kibatari kikazima. Nikalisoma, nikalirudia, na kila nikirudia maneno yanazidi kuwa mageni. Viganja jasho, moyo mbio. Nikaling'ang'ania hadi msimamizi akatangaza nusu saa imebaki, na maswali mawili sijayagusa.

Nilipofika tu chini ya mwembe likaja lote: moli moja ni gramu 106, basi 10.6 ni moli 0.1, gawanya kwa lita 0.25, unapata moli 0.4 kwa lita. Nililia, na shangazi yako akanicheka!

Kilichoingia kichwani hakitoki kwa hofu, kinajificha. Ukishtuka, mwili unajiandaa kukimbia, na ile nafasi ndogo ya akili unayofanyia hesabu inajaa mengine: muda, ada, mama atasema nini. Kulikodolea swali macho kunazidisha.

Weka kalamu chini, nyayo zikanyage sakafu. Vuta pumzi puani ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6, mara 5. Haifiki dakika moja. Kutoa ndiko kuwe kurefu, ndiko kunakotuliza moyo. Ukivuta kwa pupa utapata kizunguzungu. Kisha usilirudie swali zima. Andika pembeni kitu kimoja unachokijua, hata kama hakilijibu. Mimi ningeandika tu "gramu gawanya kwa uzito wa moli moja". Wewe chora T ya akaunti, debiti kushoto, krediti kulia, uone kitakachofuata. Dakika 2 zikipita bure, acha ukurasa mtupu, nenda swali jingine, ila andika namba yake kabla ya neno lolote, maana hapo ndipo watu huchanganya majibu. Utarudi.

Lakini huenda najidanganya, huenda nilikariri tu bila kuelewa? Hapana, chini ya mwembe lilikuja zima, bila daftari. Kilichoingia hakitoki. Ambacho hakikuingia, hapo sawa, pumzi hazikileti.

Kwa hiyo niambie: la Jumanne lilikujia ukiwa kwenye daladala, au mpaka ulipofungua kitabu? Kuhusu kuacha nina neno, na ulimi unaniwasha kweli, ila nalimeza mpaka unijibu hilo.

Mama yako