Usizime ufunguo wa zamani wa API kabla cron haijakuonyesha inatumia mpya

Ijumaa moja jioni nilibadilisha ufunguo wa API wa skripti yetu inayovuta data ya stoki kila dakika 15, nikaijaribu kwa terminali yangu ikakubali, nikafuta ufunguo wa zamani, nikaenda kutafuta matatu ya kwenda nyumbani. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi msimamizi wa ghala pale Industrial Area akapanga malori ya maziwa kwa namba za Ijumaa, kwa sababu dashibodi ilikuwa inafunguka vizuri kabisa, grafu zote ziko, hakuna chekundu popote. Logi ndiyo ilikuwa imejaa 401 wikendi nzima. Malori mawili yalitoka na oda za bidhaa zilizoisha Jumamosi, na hiyo kitu iliniuma sana.

Kumbe ufunguo mpya niliuweka kwa `~/.bashrc` yangu, na cron haisomi hiyo faili. Crontab yetu ilikuwa inasoma `/etc/refresh/api.env`, na huko bado kulikuwa na ule wa zamani. Yaani nilichojaribu mimi na kinachokimbia usiku bila mtu vilikuwa vitu viwili tofauti.

Siku hizi naanza kwa kutengeneza ufunguo mpya bila kugusa wa zamani, zote mbili ziwe hai kwa wakati mmoja (AWS kwa mfano inakubali funguo mbili kwa kila mtumiaji wa IAM, na ni kwa ajili ya kazi kama hii). Hakikisha mpya una ruhusa zilezile za wa zamani, na kama kuna orodha ya IP zilizoruhusiwa, seva iwe ndani. Halafu nauweka kwa faili ya pembeni na kuijaribu kama cron yenyewe, mtumiaji yuleyule, mazingira matupu:

```
sudo -u refresh env -i PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c \
 'set -a; . /etc/refresh/api.env.mpya; /opt/refresh/run.sh'
```

Ikipita hapo, ndio nabadilisha faili, na sifungui ya zamani kwa nano nikaanza kufuta na kuandika, maana cron inaweza kuisoma ikiwa nusu. Natumia `mv` ndani ya folda ileile, hapo kazi inapata ama faili nzima ya zamani ama nzima ya mpya. Mwenye faili na ruhusa zake uziweke sawa kabla ya `mv`, la sivyo mtumiaji `refresh` atashindwa kuisoma. Na kama kuna kazi ilikuwa imeshaanza, yenyewe inaendelea na ufunguo wa zamani iliousoma mwanzoni, haina shida, kwa sababu bado uko hai. Ila kama yako ni huduma inayokaa imewaka chini ya systemd, faili mpya haiioni mpaka uirestati.

Sasa sehemu ambayo watu hukimbia, kusubiri. Niliongeza mstari mmoja kwa `run.sh` unaoandika herufi nne za mwisho za ufunguo kwa logi, ukiangalia unajua ni upi umetumika:

```
echo "ufunguo ...$(printf %s "$API_KEY" | tail -c 4)"
```

Lakini logi ya seva moja haitoshi. Angalia kwa mtoa huduma ni lini ufunguo wa zamani ulitumika mwisho. Kwetu baada ya masaa mawili ulikuwa umenyamaza, nikangoja tu, na Jumapili usiku ukatumika tena, kumbe kuna ripoti ya wiki kwa seva nyingine na hakuna mtu alikuwa anaikumbuka. Kwa hivyo ngoja mzunguko wa kazi yako ya polepole kabisa, kwetu ikawa siku 8. Hii ni kwa mabadiliko ya kawaida lakini, ufunguo ukivuja unazima saa hiyohiyo na dashibodi ikatike, hakuna kungoja.

Kama mtoa huduma anakupa ufunguo mmoja tu na mpya unaua wa zamani papo hapo, subiri kazi ya saa kamili imalize, badilisha faili, ujaribu kabla ya dakika ya 15 kufika. Na skripti ivute data kuanzia rekodi ya mwisho iliyofanikiwa, isivute dakika 15 zilizopita peke yake, ndio ikikosa raundi moja inayofuata izibe pengo.

Kwa dashibodi tuliweka juu kabisa saa ya rekodi mpya zaidi iliyo kwa data, wala si saa ukurasa ulipofunguliwa, ikipita dakika 45 inageuka nyekundu na ujumbe unakuja kwa simu yangu. Baada ya hapo ndio nazima ufunguo wa zamani, nazima tu sifuti, ili kitu kikilia niuwashe tena kwa dakika moja, na nafanya Jumanne saa nne asubuhi wakati watu wote wako kazini.