Buni Mchezo wa Jiji Lako Kuanzia kwa Mpokea Dau

Wiki iliyopita msomaji aliniandikia kwamba yeye na rafiki zake wamekesha wakibishana kama mtaa wa Wasusi ulistahili ushindi, katika mchezo ambao haupo popote ila katika hadithi zangu za jiji la Ukingoni. Aliuliza nimeubuni vipi. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu mhariri mmoja aliwahi kunirudishia mswada huohuo akisema kwamba mchezo ni pambo tu na ukurasa wake ufutwe. Maneno hayo bado yananiuma.

Waandishi wengi huanza na mavazi na majina ya timu. Mimi nilianza na swali la mtu anayepokea dau: je, mpaka dakika ya mwisho kuna kitu cha kubetia? Ukingoni ina mfereji mmoja wenye madaraja matano. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mitumbwi miwili hutoka bandarini maji yanapoanza kujaa, na kila daraja lina pete moja ya kunyakuliwa. Pete nne za kwanza zina alama moja kila moja, na ya tano ina alama mbili. Alama zikilingana, aliyeshika pete ya tano ndiye mshindi. Daraja la tano ni la chini kuliko yote, kwa hiyo maji yakishajaa hakuna mtumbwi unaopita, na pete isipochukuliwa hubaki pale.

Tazama sheria hizo chache zinavyozaa mbinu zenyewe. Wasusi wakiongoza kwa tatu kwa moja, hawana haja ya kukimbilia pete ya mwisho. Wanaulaza mtumbwi wao kukingama mfereji na kuyasubiri maji yafunge njia. Wafinyanzi, mtaa hasimu wao, nao lazima wapenye, maana pete ile itawapa tatu kwa tatu na ushindi. Ikiwa ni mbili kwa mbili, wote wanakwenda mbio. Hapo tu ndipo nilipoongeza sheria nyingine: kuzuia kwa mtumbwi kunaruhusiwa, kumpiga mtu kwa kafi ni kosa. Sheria iandikwe pale mbinu inapoidai. Mchezo wako ukiwa na alama moja kubwa ya mwisho inayofuta zote zilizotangulia, utaligundua kosa mapema: hakuna mhusika atakayejali kipindi cha kwanza.

Upinzani nao utafutwe katika ramani. Jijini Siena, Italia, mbio za farasi za Palio hufanyika tarehe 2 Julai na 16 Agosti; kati ya mitaa 17 hushindana 10 tu, farasi hugawiwa kwa kura, na mtaa usio na tumaini la kushinda huweza kumlipa mpanda farasi wa mtaa mwingine ili amzuie hasimu wake. Kwao kushindwa ni jambo moja, na hasimu kushinda ni msiba mwingine. Nimejifunza hapo kuwapa Wasusi na Wafinyanzi kingo mbili za mfereji mmoja, na kuamua kwa kura nani apite upande wenye kina.

Sasa dau. Wasusi ni wengi, hivyo tuseme wamewekewa sarafu 300 na Wafinyanzi 100. Mpokea dau akiahidi 18 kwa kila 10 kwa pande zote, Wasusi wakishinda atalipa 540 ilhali mkononi ana 400. Atafilisika. Kwa hiyo hushusha malipo ya Wasusi hadi 12 kwa kila 10, na kupandisha ya Wafinyanzi hadi 36. Yeyote akishinda, analipa 360 na kubaki na 40. Nasisitiza, fanyeni hesabu hii kwa mkono kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa mazungumzo, kwa sababu ufisadi wote wa jiji umejificha ndani yake: upendo wa Wasusi kwa timu yao ndio unaofanya iwe na faida kumnunua nahodha wao.

Na mechi inayouzwa ionekane kwa macho ya wazoefu. Nahodha aliyenunuliwa hawezi kupiga makasia polepole, watu wataona. Anachoweza ni kuchelewa kidogo kuulaza mtumbwi wakati timu yake inaongoza kwa tatu kwa moja. Wavuvi walioketi darajani, wanaojua maji hufunga njia saa ngapi, ndio wa kwanza kunung'unika, na mpokea dau aliye macho huwasikiliza wao kabla ya kufungua mkoba wake kulipa.