Kifundo kimevimba: kimeteguka au kimevunjika?

"Jana nilikanyaga shimo, mguu ukapinda, kifundo kimevimba. Nipige eksirei?"

Pole ndugu. Uvimbe usikutishe, hata mguu ulioteguka tu huvimba sana. Jaribu kutembea hatua 4, kuchechemea kunahesabika. Kisha bonyeza mfupa wa kifundo, nje na ndani, ukingo wa nyuma, kutoka nchani kupanda sentimita 6. Bonyeza pia mfupa uliotokeza katikati ya ubavu wa nje wa unyayo, na ule wa juu ya uvungu wake, upande wa ndani. Mfupa ukiuma, au hatua zikikushinda, piga eksirei. Kikiuma kinyama cha mbele ya kifundo tu, yaelekea ni ligamenti, nyuzi zinazofunga mifupa, yaani kimeteguka tu. Mwenye ganzi miguuni, mfano wa kisukari, asitegemee kipimo hiki. Vidole vikiwa baridi au mguu umebaki umepinda, wahi hospitali sasa hivi.