Vitufe vya kishikwambi vimegoma: namna ya kupata picha ya skrini

Nikibonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, wakati mwingine skrini inazimika, wakati mwingine sauti ndiyo inashuka. Picha haipigwi. Kosa ni langu au ni la kifaa? (Mwalimu, Kongwa)

Mwalimu, dalili hizo mbili zinaonyesha vitufe vyote viwili vinafanya kazi, ila havifiki kwa pamoja. Android huhesabu kwamba vimebonyezwa kwa wakati mmoja endapo tofauti kati ya kimoja na kingine haizidi milisekunde 150, yaani chini ya moja ya tano ya sekunde. Cha kuwashia kikitangulia, mfumo unadhani unataka kuzima skrini. Cha sauti kikitangulia kwa muda mrefu, unaona ule mstari wa sauti ukijitokeza na kushuka.

Kwenye simu jambo hili ni jepesi kwa sababu mkono mmoja unatosha. Kishikwambi ni kipana na mara nyingi unakishika kwa kiganja kizima, kwa hiyo vidole vinachelewa. Kilaze mezani, toa kava, weka kidole kimoja juu ya kila kitufe bila kubonyeza, kisha bonyeza vyote kwa mkupuo na ushikilie kama sekunde moja hadi skrini imwekemweke. Kama vitufe viko upande mmoja na vimekaribiana, dole gumba moja lililolazwa juu ya vyote viwili hufanya kazi vizuri zaidi kuliko vidole viwili. Usiendelee kushikilia ukisubiri, maana kwenye vifaa vya Samsung sekunde 7 hivi zinatosha kukifanya kijizime na kuwaka upya, na kazi ambayo hujaihifadhi inapotea.

Ukifanya hivyo na bado hakuna kitu, pima kitufe cha sauti peke yake. Cheza wimbo au video yoyote, halafu bonyeza kupunguza. Mstari wa sauti usipotokea kabisa, kitufe hicho hakipeleki ishara. Ukitokea pale tu unapobonyeza kwa nguvu au kwa pembeni, kimechoka au kimeingiwa na uchafu. Kiangazi cha huku kwetu, vumbi jekundu linapopenya pembezoni mwa kava, hukaa chini ya kitufe na kukifanya kigumu. Brashi laini kavu inasaidia. Usimwagie mafuta wala spiriti, kwa sababu hupita ndani hadi kwenye skrini.

Cha sauti kimekufa kabisa na fundi anasubiri spea. Nina vielelezo vya kutuma wiki hii. Nifanyeje? (Mjasiriamali, Majengo, Dodoma mjini)

Hapa huhitaji kitufe hata kimoja. Anza na njia ya haraka: vuta paneli ya juu mara mbili ili ifunguke yote, uangalie kama kuna kigae kilichoandikwa Screenshot. Watengenezaji wengi wanakiweka, ila wakati mwingine kimejificha nyuma ya alama ya penseli, ambako unakiburuta hadi kwenye paneli.

Kikikosekana, tumia menyu ya ufikivu. Imo kwenye vifaa vingi vya Android 9 na kuendelea, kwa sababu toleo hilo la mwaka 2018 ndilo lililoruhusu huduma za ufikivu kuagiza picha ya skrini. Toleo lako utaliona kwenye Settings, kisha About tablet, kisha Android version.

Fungua Settings, ingia Accessibility, tafuta Accessibility Menu, uwashe shortcut yake na ukubali ruhusa inayoombwa. Kutatokea alama ndogo, ama ikielea pembeni mwa skrini, ama kwenye kona ya chini kulia karibu na vitufe vya kurudi na nyumbani. Sasa fungua ukurasa unaotaka, gusa alama hiyo, na miraba mikubwa itajitokeza: sauti, mwangaza, kufunga skrini na kadhalika. Gusa Screenshot, isipokuwepo mbele, pitia ukurasa wa pili wa menyu. Menyu hujiondoa yenyewe kabla picha haijapigwa, kwa hiyo usiwe na hofu kwamba itaziba risiti au orodha ya bidhaa zako.

Kwenye Samsung jina ni tofauti: Accessibility, kisha Interaction and dexterity, kisha Assistant menu. Humo humo kuna vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti, kwa hiyo hadi spea ifike hukwami. Kwa maoni yetu, hata kifaa kizima kinafaidika na menyu hii, kwani inapunguza kuchosha vitufe.

Changu ni cha zamani, Android 7, na hiyo menyu haipo. Nina kibodi ya kompyuta na laptopu. (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Jaribu kibodi kwanza. Ichomeke kwa kiunganishi cha OTG, kile kidogo kinachogeuza tundu la chaji kuwa tundu la USB, kisha bonyeza PrtSc. Android huipokea ishara hiyo kama agizo la kupiga picha ya skrini. Kwenye kibodi za laptopu zilizobanwa, kitufe hicho huhitaji Fn, lakini ya kawaida ya nje haihitaji.

Kama tundu la kifaa halikubali OTG, tumia kompyuta yenye adb, programu inayotuma amri kutoka kompyuta kwenda kwenye kifaa cha Android. Kwenye kishikwambi, gusa Build number mara 7, kisha kwenye Developer options washa USB debugging. Unganisha waya, halafu kwenye dirisha la amri la kompyuta andika:

```
adb devices
adb shell screencap -p /sdcard/picha.png
adb pull /sdcard/picha.png
```

Mstari wa kwanza ukiandika unauthorized, tazama kishikwambi: kuna swali la ruhusa linasubiri uguse Allow. Orodha ikija tupu, mara nyingi waya ni wa chaji tu usio na nyaya za data, ubadilishe. Ukimaliza, zima USB debugging, hasa kama kifaa kinatumiwa na watu wengi.

Njia zote zinafanya kazi, ila kwenye programu ya benki napata ujumbe: Can't take screenshot due to security policy. (Mama mfanyabiashara, Kondoa)

Mama, hapo kifaa ni kizima. Mwenye programu ndiye aliyeamuru ukurasa huo usipigwe picha, na Android inalitii agizo hilo kwa vitufe, menyu na hata programu za kurekodi skrini. Zuio kama hilo huonekana kwenye Chrome ukiwa kwenye Incognito, na kwenye vifaa vinavyosimamiwa na ofisi au shule, ambako msimamizi anaweza kulifunga kwa kifaa kizima. Ya msimamizi muulize yeye. Kwa muamala, tafuta kitufe cha kushiriki au kupakua risiti ndani ya programu yenyewe. Faili hiyo ina namba ya muamala na inakubalika zaidi kuliko picha.

Skrini inamwekamweka, picha inaonekana imepigwa, lakini siioni kwenye galari. (Karani, Bahi)

Fungua programu ya faili, uangalie Pictures kisha Screenshots. Kwenye Samsung ni DCIM kisha Screenshots. Isipokuwepo, soma taarifa iliyotokea juu baada ya kupiga. Ikitaja nafasi, kumbukumbu ya ndani imejaa na picha haikuhifadhiwa. Futa video za WhatsApp kwanza, ndizo mara nyingi zinazobeba nafasi kubwa, kisha piga upya.